Alama ya X kwenye friji ya chanjo: jibu lililochanganya kilichoonekana na kilichokisiwa

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha afya kimoja cha nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wakati wa baridi. Majina ya wahusika, kituo, wilaya na mwaka yameondolewa. Kinahusu ujumbe mmoja mfupi wa simu: muuguzi aliuliza kama chanjo zake zinafaa kutumika, na mratibu wa chanjo wa wilaya akamjibu ndani ya dakika chache. Sehemu ya jibu hilo ilikuwa kweli tupu. Sehemu nyingine ilikuwa kisio. Zote ziliandikwa kwa sauti ileile, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

## Mazingira

Friji ya kituo ilikuwa ya umeme, ya aina ya zamani, yenye themostati ya kuzungusha kwa mkono kutoka namba 1 hadi 7. Friji mpya za chanjo zimetengenezwa zisiweze kugandisha hata mtumiaji akikosea. Hii haikuwa na kinga hiyo. Ukiipeleka kwenye 7 na nje kukawa na baridi, itagandisha.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8, na wengi wetu tumezoea kuogopa joto peke yake. Lakini si chanjo zote zinaumizwa na kitu kimoja. Polio ya matone, surua-rubela na BCG ya kifua kikuu huharibiwa na joto, ila kuganda hakuzidhuru. Penta inayokinga magonjwa matano, PCV ya nimonia na Td ya pepopunda na dondakoo huvumilia joto vizuri zaidi, lakini zikiganda zimekwisha. Zina chumvi ya alumini ambayo chembechembe za chanjo zimejishikiza juu yake. Maji yakigeuka barafu, chembe hizo husukumana na kufanya mabonge, na zikiyeyuka mabonge hayaachani tena. Chanjo iliyoganda hupoteza nguvu, na ukiiangalia kwa haraka baada ya kuyeyuka haina tofauti na nzima. Polio ya sindano nayo haitakiwi kuganda, ingawa haina alumini.

Kituo kilikuwa na vitu viwili vya kupima hali hiyo. Cha kwanza ni alama ya VVM, mraba mdogo ndani ya mduara kwenye lebo au kifuniko cha kichupa. Mraba ukiwa mweupe kuliko mduara, chanjo bado inafaa kwa upande wa joto. Ukifikia rangi ya mduara au kuipita, inatupwa. Alama hii hukusanya joto lote ambalo kichupa kimelipitia tangu kiwandani. Kuhusu baridi haisemi kitu. Penta ikigandishwa ikawa jiwe kisha ikayeyuka, mraba wake utabaki mweupe.

Cha pili ni kirekodi joto cha siku 30, kidude kidogo kinachokaa ndani ya friji pamoja na chanjo. Kila siku hutunza nyuzi za juu kabisa na za chini kabisa, na muda ambao friji ilikaa nje ya mipaka. Hutoa alama ya X kwa sababu mojawapo kati ya mbili: joto kuzidi nyuzi 8 kwa saa 10, au kushuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Mshale kwenye kioo huonyesha ni ipi, ukielekea juu au chini. Ukibonyeza kitufe cha kusomea, kinakupitisha siku moja baada ya nyingine pamoja na nyuzi na saa zake. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.

## Mambo yalivyokwenda

Jumamosi saa 8 mchana umeme ulikatika. Friji ilibaki imefungwa, na kwa kuwa nje kulikuwa na baridi, ilichukua muda mrefu kupata joto. Ilivuka nyuzi 8 saa 4 usiku. Umeme ulirudi Jumapili saa 11 alfajiri, na saa moja baadaye friji ilikuwa imeshuka tena chini ya 8. Kwa hiyo ilikaa juu ya kiwango kwa takriban saa 8, na kilele kilikuwa nyuzi 11.8. Saa 8 hazitoshi kuwasha X.

Asubuhi hiyo mhudumu wa zamu aliona friji bado haijapoa sawasawa. Kwa nia njema akazungusha themostati hadi 7 ili ishike baridi haraka. Watu wengi hufanya hivyo, na haisaidii. Friji ikiwa na joto, kompresa tayari inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Themostati inaamua tu wapi isimame. Kuiweka 7 ni kuiambia isisimame mapema. Ikaendelea kupoza mchana kutwa, na usiku wa Jumapili ikapita sifuri. Kuanzia saa 5 usiku hadi karibu saa 10 alfajiri ilikuwa chini ya nusu nyuzi hasi, na ikafika nyuzi 3.2 chini ya sifuri. Mhudumu wa zamu ya usiku, ambaye hakuwa na habari ya jambo lililofanyika asubuhi, aliona ukungu wa barafu ukutani mwa friji, akairudisha themostati kwenye 3. Hakuandika popote.

Jumatatu saa 1 na nusu asubuhi muuguzi wa chanjo aliingia kazini. Ilikuwa siku ya kliniki na akina mama walishakaa kwenye benchi. Alikuta X kwenye kirekodi, akaambiwa habari za umeme, akaangalia VVM, kisha akaandika:

"Shikamoo Mratibu. Umeme ulikatika Jumamosi mchana hadi Jumapili alfajiri, tumekuta kirekodi kina X. Sasa hivi inasoma 1.6. VVM zote nzuri, nimekutumia picha. Wamama wameshafika. Tutumie au tusitumie?"

Picha zilikuwa mbili. Moja ilionyesha vichupa vimepangwa juu ya meza, lebo zikisomeka vizuri. Nyingine ya kirekodi ilipigwa kwa haraka. X ilionekana, lakini sehemu ya kioo yenye mshale ilimezwa na mwanga wa dirisha.

Mratibu alijibu:

"Marahaba, poleni. Chanjo ziko salama. Umeme ulikatika, joto likapanda kidogo, ndiyo maana kirekodi kimetoa X. VVM iko hatua ya kwanza. Endeleeni na kliniki."

Kliniki ikaendelea. Hadi saa 6 mchana watoto tisa walikuwa wamepata Penta na PCV, na wawili kati yao polio ya sindano pia. Wengine walipewa polio ya matone, BCG na surua-rubela. Chanjo ya rota ilikuwa imeisha kituoni wiki iliyotangulia.

Mchana, muuguzi alikaa kujaza fomu ya joto ya mwisho wa juma. Fomu inataka nyuzi za juu na za chini za kila siku, kwa hiyo ilimbidi abonyeze kitufe. Jumamosi na Jumapili zikampa joto alilolitarajia. Kisha akaona nyuzi 3.2 chini ya sifuri, kwa karibu saa 5, na mshale umeelekea chini. Akampigia mratibu palepale.

## Jibu lenyewe, sentensi kwa sentensi

Nilipokaa na wahusika baadaye, tulichukua ujumbe wa mratibu tukauliza swali moja kwa kila sentensi: hili ulilijuaje?

"VVM iko hatua ya kwanza." Aliliona kwa macho kwenye picha. Lebo zilisomeka, miraba ilikuwa myeupe. Hili lilikuwa na uhakika, na halikubadilika hata baada ya yote kujulikana.

"Umeme ulikatika." Aliambiwa na muuguzi, ambaye naye aliambiwa na wenzake wa zamu. Halikuwa na shaka kubwa, ila ni habari ya kupokea, si ya kuona.

"Ndiyo maana kirekodi kimetoa X." Hili lilikuwa kisio. Hakuna aliyemwambia X imesababishwa na joto. Muuguzi alitaja umeme na X katika sentensi moja, na akili ya msomaji ikaziunganisha. Mshale haukuonekana kwenye picha, na namba hazikuwa zimesomwa.

"Joto likapanda kidogo." Kisio lililosimama juu ya kisio la kwanza. Neno "kidogo" lilitoka kwenye uzoefu wake: kwa baridi ile, friji iliyofungwa isingeweza kupata joto jingi. Na kweli, ilifika 11.8 tu. Alipatia, lakini bila kuwa na namba.

"Chanjo ziko salama." Hili ndilo hitimisho, nalo lilikuwa mbele ya yote. Lilitegemea mambo mawili: kwamba VVM ni nzuri, jambo alilolijua, na kwamba tatizo lilikuwa joto peke yake, jambo alilolikisia. VVM nzuri humaliza swali la joto. Swali la kuganda ilikuwa haijaligusa.

Katika ujumbe wa muuguzi kulikuwa na dalili moja ambayo kisio la joto halikuweza kuieleza. Friji ilikuwa inasoma 1.6. Friji iliyokosa umeme, ikarudishiwa na kuachwa kwenye namba yake ya kawaida, hairudi chini ya 2. Ikionekana hapo, ama themostati imeguswa au friji ina hitilafu. Mratibu aliniambia aliiona namba hiyo, na akafurahi kwamba friji "imeshika baridi." Namba iliyopaswa kumtia shaka ilimpa faraja, kwa sababu alishaamua kisa ni cha joto.

## Kwa nini alijibu hivyo

Itakuwa dhuluma kusema hakujali. Alikuwa na sababu mbili, na zote mbili nzito.

Ya kwanza ni benchi lililojaa. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni kutoka kijiji cha mbali, akaambiwa arudi wiki ijayo, huenda asirudi mwezi mzima. Kila mratibu analijua hilo.

Ya pili ilitokana na kisa cha nyuma. Kituo kingine wilayani humo kiliwahi kupewa jibu lililojaa "huenda" na "inawezekana" baada ya umeme kukatika, na wahudumu kwa hofu wakamwaga chanjo zote, nzima na mbovu. Tangu hapo mratibu alijiwekea desturi ya kujibu kwa mkato, bila kuyumba, ili mtu wa chini asiogope. Alichukulia kwamba kuonyesha shaka ni kumwachia muuguzi mzigo.

Sababu hizo zinaeleza haraka yake na ukali wa sentensi zake. Haziwezi kueleza kwa nini jambo aliloliona na jambo alilolikisia viwe na uzito sawa. Jibu lingeweza kuwa fupi na thabiti vilevile, na bado likaonyesha mpaka huo.

## Maamuzi baada ya simu ya mchana

Mratibu alipopokea habari ya nyuzi chini ya sifuri, aliandika ujumbe wa pili: "Simamisheni. Zote zimeganda, andaeni za kuteketeza."

Hapa aligeuka upande wa pili kwa kasi ileile. Kwamba friji ilishuka chini ya sifuri kwa saa 5 lilikuwa jambo la uhakika. Kirekodi kilikuwa mkononi. Kwamba chanjo zote ziliganda lilikuwa kisio jipya. Kirekodi hupima baridi ya mahali kilipowekwa, na ndani ya friji moja kona zinatofautiana. Tena kimiminika kinaweza kushuka chini ya sifuri kidogo bila kushika barafu. Hakuna aliyekuwa ameona kichupa kilichoganda; walipofungua asubuhi, kila kitu kilikuwa maji. Na "zote" ilikuwa imezibeba hata polio ya matone, BCG na surua-rubela, ambazo kuganda hakuzidhuru.

Aliyezuia ni mfamasia wa wilaya. Aliuliza: "Umeona mabonge, au umesoma namba?" Mratibu akasema amesoma namba. "Basi tutikise kwanza."

Jaribio la kutikisa linafanywa hivi. Unachukua kichupa kingine cha chanjo ileile, kiwanda kilekile na toleo lilelile, unakigandisha makusudi usiku kucha hadi kiwe barafu ngumu, kisha unakiacha kiyeyuke chenyewe bila kukipasha moto. Hicho ndicho cha kulinganishia. Unakishika mkono mmoja pamoja na kile unachokitilia shaka, unavitikisa kwa pamoja sekunde 10 hadi 15, unaviweka juu ya meza tambarare na kuvitazama bila kuondoka, hadi dakika 30. Katika kichupa kilichogandishwa, mashapo hushuka upesi na maji ya juu huwa maangavu. Chenye shaka kikishusha mashapo taratibu kuliko mwenzake, kinafaa. Kikienda naye sawa au kumtangulia, kinatupwa, pamoja na vingine vya toleo hilo vilivyokaa sehemu ileile.

Muuguzi alichora ramani ya friji kwa kumbukumbu: nini kilikuwa nyuma karibu na ukuta wa baridi, nini kwenye kikapu cha mbele. Kwa kila chanjo, kichupa cha kupima kilichukuliwa mahali palipokuwa na baridi kali zaidi, kwa sababu kama hicho ni kizima, vya mbele navyo ni vizima. Vya kulinganishia vilitoka stoo ya wilaya, vyenye namba za toleo zilezile, vikagandishwa usiku wa Jumatatu.

Polio ya sindano haikupimwa. Jaribio hili linasoma mwenendo wa chembe za alumini, na yenyewe haina. Kwa kuwa hakukuwa na njia ya kujua, waliamua kuiondoa, na wakaandika kwenye fomu sababu hiyo hasa: haikuthibitika kuganda, imeondolewa kwa kukosa namna ya kuthibitisha kwamba haikuganda.

## Matokeo

Jumanne mchana vichupa vilitikiswa. Penta iliyokuwa nyuma ilishusha mashapo sambamba na ya kulinganishia. PCV nayo vivyo hivyo. Td, iliyokuwa kwenye kikapu cha mbele, ilibaki na ukungu wake mweupe wakati mwenzake ameshatulia chini. Ikarudishwa kwenye matumizi. Polio ya matone, BCG na surua-rubela hazikuguswa, ila ampuli za maji ya kuchanganyia zilikaguliwa moja moja kama zina nyufa, kwa sababu maji hayo yakiganda kioo huweza kupasuka.

Watoto tisa ndio waliobaki swali. Walichomwa Penta kutoka kichupa kimoja cha dozi 10, na hakuna aliyekumbuka kilichukuliwa nyuma au mbele. Dozi moja iliyosalia ilishatupwa mwisho wa kliniki. Ngazi ya mkoa ilielekeza dozi hizo zihesabiwe hazikutolewa na zirudiwe, za PCV na za polio ya sindano zikiwamo. Kwa sababu muuguzi aliandika namba za toleo kwenye rejesta mbele ya jina la kila mtoto, orodha ilipatikana ndani ya dakika chache. Wanane walirudi wiki hiyohiyo. Wa tisa alikuwa amepelekwa kwa bibi yake, na mhudumu wa afya ya jamii akampata huko.

Mama mmoja aliuliza mbele ya wenzake: "Kwa hiyo mwanangu alichomwa maji?" Muuguzi alimjibu: "Sijui, mama, na sitakudanganya. Ninachojua ni kwamba friji yetu iliganda usiku ule, na dawa za aina hiyo tulizozipima zimeharibika. Aliyochomwa mwanao hatuwezi kuipima tena, imekwisha. Ndiyo maana tunarudia, asije akabaki bila kinga." Yule mama akamvua mtoto sweta.

Nimeweka mazungumzo hayo hapa kwa sababu muuguzi, bila kufundishwa, alifanya jambo ambalo jibu la Jumatatu halikulifanya. Aliweka upande mmoja kilichojulikana, upande wa pili kisichojulikana, kisha akasema hatua inayofuata. Na mama hakukimbia.

## Uchambuzi

### Jibu lililowezekana saa 1 na nusu

Tuliandika upya jibu la mratibu kwa kutumia habari zilezile alizokuwa nazo asubuhi, bila kuongeza hata moja:

"Marahaba, poleni. VVM nimeziona kwenye picha, zote nzuri, kwa hiyo joto halijaharibu kitu. Hilo nina hakika. Polio ya matone, BCG na surua-rubela anza kuzitumia sasa. X nakisia ni ya joto kwa sababu ya umeme, lakini mshale sijauona, na 1.6 ni baridi kuliko kawaida. Penta, PCV, polio ya sindano na Td zishike kwanza. Bonyeza kitufe, nitumie nyuzi za chini za Jumamosi, Jumapili na leo."

Hili ni refu kuliko la kwanza kwa sentensi mbili tatu. Lakini halimwachi muuguzi hewani, na kliniki inaanza papo hapo. Sikutarajia tutafika hapo tulipoanza zoezi. Hofu ya mratibu ilikuwa kwamba kutaja shaka kutasimamisha kazi yote. Shaka ilipowekwa mahali pake, ilionekana inagusa nusu moja tu ya friji. Jambo la uhakika, yaani VVM, lilitosha peke yake kuruhusu chanjo ambazo adui yake ni joto, kwa kuwa hata kama friji iligandisha usiku, hizo hazidhuriki. Kisio lilizihusu zile nyingine tu. Mpaka kati ya kujua na kukisia ulikuwa ndio mpaka kati ya vichupa vya kutumia sasa na vichupa vya kusubiri dakika mbili.

Kwenye lile jibu la "huenda" la zamani lililosababisha kumwaga chanjo, kosa lilikuwa lilelile kwa sura nyingine. Kila sentensi ilikuwa na shaka, hata zile zisizostahili, basi wahudumu hawakupata popote pa kushika. Aliyeandika vile na mratibu wa kisa hiki wote walitumia sauti moja kwa mambo ya uzito tofauti.

### Kisio likitajwa hujitafutia uthibitisho

Kuna faida ya pili, nayo ni ya mwandishi wa jibu mwenyewe. Ukiandika "ndiyo maana kirekodi kimetoa X", sentensi imefungwa. Hakuna cha kuuliza. Ukiandika "nakisia X ni ya joto", mkono unasita, kwa sababu lazima useme unakisia kutokana na nini. Mratibu angelazimika kuandika "kwa sababu umeme ulikatika", na papo hapo angeona kwamba hiyo ni sababu ya kutarajia X ya joto, si ushahidi kwamba X hii ni ya joto. Hapo 1.6 ingemrudia. Hatuwezi kusema kwa hakika angeigundua. Ila angekuwa ameikaribia.

Muuguzi naye angepata kitu. Aliniambia: "Aliposema ndiyo maana, mimi nikaona ameshasoma." Alidhani mratibu ameona mshale kwenye picha. Kama angejua hakuuona, angebonyeza kitufe mwenyewe, maana alikuwa amesimama mbele ya friji. Jibu lilimnyima nafasi hiyo. Mara nyingi anayeuliza ndiye aliye karibu na ukweli, na anayejibu yuko mbali. Akiambiwa kipi kimekisiwa, anaweza kukikagua kwa macho yake.

### Kilichofanya kazi

Fomu ya joto ilifanya kazi, kwa kuwa ilidai namba na haikukubali maelezo. Rejesta yenye namba za toleo ilifanya kazi. Swali la mfamasia ndilo lililookoa Td na zile chanjo ambazo adui yake ni joto zisiteketezwe bure, na aliliuliza wakati kila mtu ameshatishika, saa ambayo kisio jipya hupokelewa kirahisi kuliko wakati wowote.

Na uamuzi kuhusu polio ya sindano naupenda zaidi ya yote, ingawa uligharimu dozi. Waliiondoa bila kudai imeharibika. Mtu akisoma fomu ile mwaka ujao atajua kilichotokea na kisichojulikana, wala hatakwenda kuhesabu polio ya sindano kama ushahidi kwamba chanjo hiyo huganda kwa nyuzi fulani.

### Kilichoshindwa, nje ya jibu

Themostati iliguswa mara mbili bila mtu kuandika. Baada ya kisa hiki kituo kilifunika namba zake kwa plasta yenye maandishi ya kutoigusa bila kumwarifu muuguzi wa chanjo, na daftari dogo likafungwa kwa kamba kwenye mpini wa friji. Pia picha ya kirekodi sasa hupigwa baada ya kitufe kubonyezwa, kwa kila siku yenye alama.

Jambo lililotusumbua hadi mwisho ni la usambazaji wa ujumbe. Ilibainika kwamba asubuhi ile muuguzi alilinakili jibu la mratibu kwenye kundi la simu la wahudumu wa kituo, lakini alipeleka maneno matatu tu: "Chanjo ziko salama." Kama mratibu angekuwa ameandika mashaka yake katika sentensi ya mwisho, yangebaki nyuma vilevile. Kwa hiyo wilaya ilikubaliana kwamba alama ya kisio iandikwe ndani ya sentensi yenye kisio, si mwisho wa ujumbe, na kwamba chanjo zitajwe kwa majina. "Surua-rubela tumia, Penta subiri namba" hata ikikatwa vipande, kila kipande kinabaki na ukweli wake.